Afisa Ugavi serikalini au Afisa Manunuzi Geita: CV hii inafaa wapi?

*"Habari mtaalamu. Nina shahada ya ununuzi na ugavi niliyomaliza 2020, nimesajiliwa na bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, PSPTB, na kwa zaidi ya miaka mitatu natunza stoo ya muuzaji wa jumla wa vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Kuna tangazo la Afisa Ugavi Daraja la II kwenye Ajira Portal, linafungwa baada ya wiki mbili, na jingine la Afisa Manunuzi katika kampuni inayohudumia kambi za migodi Geita, linafungwa Ijumaa. Naona la Geita ndilo langu maana linataka uzoefu wa miaka mitatu, la serikali halitaki uzoefu wowote. Muda nilionao unatosha kuandaa moja vizuri. Nimekutumia matangazo yote mawili na CV. Nianze na lipi?"*

Ndugu yangu, anza na la serikali. La Geita usiliguse mpaka umepiga simu moja, nitakueleza ya nini. Nimesoma CV yako na matangazo yote mawili zaidi ya mara moja, na nilichokuta ni kinyume cha ulivyoona wewe. Ila kabla ya kushangilia, kuna jambo kuhusu majina yako linaloweza kukutoa hata hukohuko serikalini, nalo ni la kushughulikia Jumatatu asubuhi.

Wewe umelinganisha sehemu ya sifa peke yake: huku miaka mitatu, huku hakuna, mimi nina mitatu, basi. Mimi huwa naanza na masharti yanayomtoa mtu moja kwa moja, halafu naenda kwenye orodha ya majukumu, na mwisho naangalia nani atakayesoma maombi hayo na atasoma nini hasa. Uzoefu nauangalia ndani ya majukumu, kwa sababu miaka bila kazi iliyofanyika ndani yake haisemi kitu.

Tuanze na masharti. Tangazo la serikali linataka shahada ya ununuzi au ugavi, unayo. Linataka usajili wa PSPTB katika ngazi ya wahitimu wa shahada, unao. Angalia tu kama ada yako ya mwaka imelipwa, ili usajili uwe hai siku unapoambatisha. Umri usizidi miaka 45, huna tatizo. Vyeti vithibitishwe na mwanasheria au wakili, hiyo ni kazi ya siku moja. Kisha kuna yale maneno chini kabisa ambayo watu huyapita kwa sababu yako kwenye kila tangazo: matokeo ya muda, hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita na vitu vya namna hiyo havipokelewi, vinatakiwa vyeti vyenyewe; na mwenye majina yanayotofautiana kwenye nyaraka zake aambatishe hati ya majina iliyosajiliwa kisheria.

Hapo ndipo penye tatizo lako. Kwenye CV umejiandika majina matatu, kama ilivyo kwenye cheti cha chuo. Ila picha ya cheti cha kuzaliwa uliyoniwekea ina majina mawili, na la pili limeandikwa kwa herufi tofauti na lilivyo kwenye cheti cha kidato cha nne. Usiseme ni herufi moja tu. Anayepitia maombi hakujui, anaona karatasi mbili zenye majina mawili tofauti na maelekezo ya tangazo mbele yake. Nenda kwa wakili akuandalie hati hiyo, ikasajiliwe kwa Msajili wa Hati, na uhakikishe inalingana na jina lililo kwenye kitambulisho chako cha NIDA, kwa kuwa namba ya NIDA ndiyo akaunti yako ya Ajira Portal inayoitegemea.

Kwa Geita, masharti ni machache na yameandikwa kwa lugha nyingine. Shahada au stashahada, sawa. Usajili wa PSPTB wamesema utapewa kipaumbele. Maana yake ukiwa nao ni vizuri, usipokuwa nao hutolewi. Uzoefu wa migodini wamesema ni nyongeza. Lakini kuna sentensi moja yenye neno "lazima": awe na uzoefu usiopungua miaka mitatu *katika manunuzi*. Wewe umesoma "miaka mitatu" ukaishia hapo. Miaka yako yote imo stoo. Mtu wa rasilimali watu anayechambua maombi hayo hatakupigia simu kuuliza kama siku moja ulitumwa kununua misumari. Ataangalia cheo kilichoandikwa juu ya kila kazi, ahesabu miaka, aende kwa mwingine.

Kwa hiyo kwenye masharti peke yake hali iko hivi: la serikali lina sharti moja usilolitimiza leo ila linatengenezeka kwa wakili, la Geita lina sharti moja usilolitimiza na halitengenezeki kabla ya Ijumaa.

Sasa majukumu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo jina la kazi linapowadanganya watu. Chukua karatasi, andika kila jukumu kwenye mstari wake, na pembeni uweke alama. Mbili kama kwenye CV yako kuna mstari ambao mtu asiyekujua akiusoma ataona kazi hiyohiyo. Moja kama umewahi kuifanya lakini hujaiandika, au uliifanya nusu. Sifuri kama hujaifanya. Usijipe mbili kwa sababu unaamini unaweza. Alama ni ya maandishi yaliyopo, uwezo wako utauonyesha kwenye usaili.

Afisa Ugavi kwa jina anasikika kama mtu wa zabuni na mikataba. Soma majukumu ya Daraja la II uone. La kwanza, kukusanya takwimu za kusaidia kukadiria vifaa vitakavyonunuliwa. Kwenye barua pepe uliniambia kila mwisho wa mwezi unampa bosi orodha ya vilivyopungua na kiasi cha kuagiza. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, ila kwenye CV haipo, kwa hiyo moja. La pili, kutunza na kusambaza vifaa vilivyopo ghalani: mbili, bila ubishi. La tatu, kukusanya takwimu za wazabuni mbalimbali: mafunzo yako kwa vitendo kwenye kitengo cha manunuzi cha halmashauri yanagusa hapo, uliandika kwamba ulisaidia kupanga mafaili ya wazabuni, nakupa moja. La nne, kufungua leja ya vifaa vinavyoingia, kutunzwa na kutoka: mbili. La tano, kuandaa hati za kupokelea vifaa: mbili. La sita, hati za kutolea: mbili. Jumla kumi kati ya kumi na mbili.

Yaani ngazi ya kuingilia ya Afisa Ugavi serikalini kwa sehemu kubwa ni kazi ya stoo. Ulikuwa unaitazama kama kazi ya wenye digrii wasio na uzoefu, kumbe ni kazi unayoifanya kila siku kwenye saruji na nondo.

Geita majukumu ni matano. La kwanza, kupata kotesheni kutoka kwa wauzaji wasiopungua watatu na kuandaa ulinganisho wa bei. Umesema huwa unapiga simu kuuliza bei bosi akikutuma. Lakini kuuliza bei na kuandaa karatasi ya ulinganisho inayopitishwa na mkuu wa idara ni vitu viwili. Moja, tena kwa huruma. La pili, kujadiliana bei na masharti ya malipo: kwenu bosi ananunua mwenyewe, sifuri. La tatu, kufuatilia oda za ununuzi, yaani LPO, mpaka mzigo ufike: unafuatilia malori kwa simu, moja. La nne, kufuatilia mizigo ya nje na mawakala wa forodha: sifuri. La tano, kushirikiana na stoo kuhesabu stoki kila mwezi: mbili. Jumla nne kati ya kumi.

Jumla hizo zinatosha kuonyesha tofauti, lakini kuna kitu jumla haionyeshi. Matangazo ya kampuni binafsi mara nyingi huandikwa na idara inayomtafuta mtu, na mwandishi huanza na kinachomuuma. Majukumu mawili au matatu ya juu ndiyo siku ya kazi. Ya chini ni ya mara mojamoja. Wewe Geita alama zako mbili zimetoka kwenye jukumu la mwisho. Kwenye matatu ya juu una mbili kati ya sita. Mkuu wa manunuzi pale anatafuta mtu wa kumkabidhi simu ya wauzaji, na ukurasa wa kwanza wa CV yako unamwonyesha mtu wa kuhesabu mabati.

Kwa tangazo la serikali usitumie kipimo hicho cha mpangilio. Majukumu yale yametoka kwenye muundo wa utumishi wa kada, yanajirudia tangazo hadi tangazo, na kuwa la kwanza au la sita hakumaanishi lina uzito zaidi. Pale hesabu yote kwa pamoja.

Sasa usikimbie na kumi yako kati ya kumi na mbili ukadhani umeshapata kazi. Mwenendo wa pale ni tofauti kabisa. Sekretarieti ya Ajira inaangalia kama una sifa na nyaraka, basi; ukiwa nazo unaitwa kwenye usaili wa mchujo, ambao ni mtihani wa kuandika, na ukiupita ndipo unaingia kwenye mahojiano. Miaka yako mitatu haikupi nafasi ya mbele kwenye kuitwa, kwa sababu Daraja la II halikudai uzoefu. Aliyemaliza chuo mwaka jana akiwa na nyaraka kamili anakaa kiti cha pembeni yako. Miaka hiyo itaanza kukusaidia kwenye mtihani, swali likiuliza leja ya vifaa au hati ya kupokelea, na zaidi kwenye mahojiano, ukiombwa ueleze unafanya nini ukikuta hesabu ya stoo hailingani na kitabu.

Kwa hiyo nguvu usiitumie kupamba CV. Jioni moja inatosha: ongeza ule mstari wa makadirio ya kila mwezi, panua kidogo ule wa halmashauri ueleze mafaili yalikuwa ya nini, andika barua ya maombi na uisaini, iache. Muda uliobaki uweke kwenye nyaraka na kwenye kusoma. Na usomee vitu vya sasa. Wewe ulimaliza 2020, ulifundishwa Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2011 na mfumo wa TANePS. Sheria hiyo imebadilishwa na ya 2023, Kanuni zake ni za 2024, na zabuni za serikali sasa zinapita kwenye mfumo wa NeST. Ukijibu mtihani kwa madaftari ya chuo utakuwa unajibu kwa sheria iliyofutwa. Hapo ndipo CV yako kweli ina pengo kwa kazi ya serikali, na halionekani kwenye orodha ya majukumu kwa sababu hakuna jukumu lililotaja sheria kwa jina.

Jambo jingine upande huo: tangazo lako ni la wizara na halmashauri kwa pamoja, hivyo kituo hukichagui, unapangiwa. Kwenye barua pepe umegusia mama mgonjwa Mwanza. Hilo si suala la CV na sitakuamulia, ila lijibu kabla ya kwenda kwa wakili. Nimeona mtu amepita hatua zote, akapangiwa wilaya ya mbali, akaacha kuripoti. Kama kwako jibu ni kwamba huwezi kabisa kutoka Mwanza, alama kumi hazina kazi, na Geita inapata faida ya kuwa jirani.

Na ya Geita sasa. Nimesema upige simu kabla ya kuigusa. Mwishoni mwa tangazo wameweka namba ya maulizo. Uliza kwanza maswali mawili, kwa adabu na kwa kifupi: nafasi hii inaripoti kwa nani, na je, mtu huyu atasimamia pia stoo ya kambi? Kwenye kampuni ndogo za huduma migodini mtu mmoja mara nyingi hununua asubuhi na kupokea mzigo jioni, na wakikujibu hivyo basi lile jukumu la tano ni kubwa kuliko lilivyoandikwa na picha inabadilika. Wakisema anaripoti kwa mkuu wa manunuzi na stoo ina mtu wake, achana nayo wiki hii. Uliza pia kama wanatarajia kutangaza nafasi ya stoo, maana kampuni inayolisha kambi haiwezi kukosa stoo, na tangazo la aina hiyo lingeipa CV yako alama nzuri kuliko yote mawili uliyonayo.

Kuna kishawishi utakachokutana nacho ukishaona alama za Geita, nacho ni kubadilisha cheo. Kuandika "Afisa Manunuzi na Stoo" badala ya mtunza stoo, kwa hoja kwamba simu za bei ulipiga. Usifanye. Mdhamini wako wa kwanza kwenye CV ni bosi wako huyohuyo. Wakimpigia na kumuuliza wewe ulikuwa unanunua nini, atasema ukweli bila hata kujua kwamba anakuharibia. Unachoweza kuandika kwa haki, chini ya cheo kilekile, ni mstari kama huu: "Kuuliza na kurekodi bei za wauzaji wa saruji na nondo kwa maelekezo ya mwenye duka, na kufuatilia mizigo mpaka kupokelewa." Mstari huo unapandisha jukumu la tatu kutoka moja kwenda mbili. Jukumu la kwanza unaliacha palepale, kwa sababu ulinganisho wa bei bado hujauandaa. Alama zinakuwa tano kati ya kumi, na kwa tatu za juu tatu kati ya sita. Ni bora kuliko mwanzo, bado si CV ya mnunuzi.

Utaniuliza: na kama hati ya majina haijatoka mpaka siku ya mwisho? Muulize wakili siku hiyohiyo ya kwanza, akuambie bila kukuzungusha kama itawahi. Kama haitawahi, tangazo hili la serikali limekupita, na hapo usije ukarudi mbio Geita kwa sababu tu imebaki peke yake. Kutofaa kwa moja hakuongezi alama kwenye nyingine. Geita itakuwa bado na nne zake. Kamilisha hati ukiwa huna presha, kwa maana inakaa na itatumika kwenye kila tangazo la Ajira Portal litakalofuata, na kada ya ugavi hurudi kutangazwa. Kazi ya nyaraka unaifanya mara moja, wakati barua ya Geita ingetumika Geita tu. Hiyo nayo nimeipima nilipokuambia uanze wapi.

Ukiamua kuomba la serikali, usisubiri siku ya kufunga. Siku hiyo mfumo huelemewa, na faili moja lililokataa kupanda saa tano usiku halina wa kumlalamikia. Ingiza taarifa zako wiki hii, acha nafasi ya hati ya majina, ukiipata ipandishe na utume. Kisha fungua tena ombi lenyewe uone kila kiambatisho kinafunguka na kinasomeka, hasa mhuri wa wakili, ambao simu nyingi huupiga picha ukawa doa la bluu.

Simu ya Geita ipige Jumatatu mchana, ukitoka kwa wakili. Wakikwambia stoo ni ya nafasi hiyohiyo, nitumie majibu yao na ule mstari mpya, nitakuangalizia barua kabla ya Alhamisi.